Orodha ya Mali Isiyofika

Nilipoanza kazi Newala nilikuwa na viatu jozi moja na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nilitoka Nanganga, nikasoma Ndanda, na katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa msichana wa kwanza kukalia kiti cha ofisi ya serikali. Baba alikuja kunitembelea mara moja tu. Alikitazama kile kiti kwa muda mrefu, halafu akaniambia nisikiegemee sana, kisije kikavunjika nikakatwa mshahara.

Nilikuwa karani wa hesabu. Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na ng'ambo ya Ruvuma watu wa Msumbiji walikuwa wanapigana na Mreno. Kwetu vita ile haikuwa habari ya redioni. Ndege zilivuka mto na mabomu yakaanguka upande huu, hata wakulima wa bondeni wakaambiwa waache mashamba yao ya mpunga wapande juu uwandani, ambako waligawiwa viwanja kwenye vijiji vipya. Walizoea kuchota maji hatua chache kutoka mlangoni. Huku juu wakakuta wanawake wanashuka bonde zima kutafuta ndoo moja, na wakakuta baridi. Mtu asiyeijua Newala hudhani kusini kote ni joto. Aje mwezi wa Juni, ukungu ukiwa umelala barabarani na upepo unapita katikati ya mianzi ya kuta, ndipo atajua.

Ofisi yetu ndiyo iliyokuwa na fedha za kuwasaidia watu hao. Zilikaa kwenye kifungu kimoja tulichokiita vifaa vya vijiji: majembe, saruji, mabati, mbao za madawati, mablanketi, vyote mfuko mmoja. Nataka msomaji aushike vizuri mfuko huo, maana yote yaliyotokea yalitokea ndani yake.

Mkuu wangu alikuwa mhasibu aliyetoka Bukoba, mtu mfupi, mwenye sauti ya kuchoka na macho yasiyochoka. Alikuwa na methali moja tu, akiitumia kama wengine wanavyotumia chumvi: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukikosea jumla, methali. Ukichelewa asubuhi, methali. Siku moja mbuzi aliingia ofisini akatafuna ankara ya mafuta ya taa, na hata mbuzi yule aliambiwa methali kabla ya kufukuzwa.

Mwezi wa Machi Mkurugenzi wa wilaya alituita. Naye alitoka kaskazini, kijana bado, msafi kupita kiasi, mashati yake meupe hayakuwahi kuonja vumbi letu jekundu. Mezani kwake palikuwa na rundo la maombi ya vijiji.

"Bwana Mhasibu," alisema, "daftari lako linasema kwenye vifaa vya vijiji tumebakiwa na shilingi elfu kumi na nane na mia saba. Mwaka wa fedha unakwisha Juni, na fedha isiyotumika inarudi Hazina. Kwa nini nisiwape watu hawa wanachoomba?"

"Kwa sababu fedha hiyo haipo, mzee," mhasibu akajibu.

Mkurugenzi alicheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Daftari lile lilionyesha fedha iliyokwisha kulipwa tu. Lakini kuna fedha ambayo haijalipwa na bado si yako: umeshaandika oda, mwenye duka ameshaipokea, na siku atakapoleta mali huna budi kumlipa. Fedha ya namna hiyo tuliiita fedha iliyofungwa. Kusema kweli hakuna aliyekuwa anaifuatilia kwa mwaka ule, kwa sababu karani aliyenitangulia alihamishwa kabla hajaanza na mimi nilikuwa bado mgeni.

"Nipe orodha ya oda zote zilizo wazi," Mkurugenzi akasema. "Nione kilichofungwa na kilichobaki."

Mhasibu alinigeukia, nikajua kazi ni yangu.

Kazi yenyewe ukielezwa ni nyepesi kama kupepeta mchele. Unachukua kila hati ya oda. Unaandika kitu kilichoagizwa, idadi iliyoidhinishwa na bei iliyoidhinishwa. Unakwenda bohari kuangalia hati za mapokezi, ujue kilichofika ni kiasi gani. Unatoa kilichofika kwenye kilichoidhinishwa, kinachobaki unakizidisha kwa bei, hapo umepata fedha iliyofungwa na oda ile. Ukijumlisha oda zote, ukatoa jumla kwenye salio la daftari, kinachobaki ndicho cha kuchezea. Mtoto wa darasa la saba angeweza.

Nilikaa na kitabu cha oda juma zima. Kila oda iliandikwa mara nne kwa karatasi ya kaboni: ya kwanza alikwenda nayo mwenye duka, ya pili ilikuja kwetu, ya tatu bohari, na ya nne ilibaki kitabuni. Nikaona kitabu kinanitosha, kwa kuwa oda zote zimo humo zikifuatana kwa namba, sina haja ya kufungua majalada yenye buibui. Nikajumlisha. Fedha iliyofungwa ikatoka elfu ishirini, mia saba na hamsini. Maana yake ofisi ilikuwa imeagiza kupita uwezo wake. Nilimpelekea mhasibu nikiwa na uso wa mtu aliyegundua wizi.

Hakusoma hata nusu. Aliweka kidole kwenye mstari wa mablanketi. Nilikuwa nimeandika: mia tano, kwa shilingi ishirini, yaliyofika mia mbili na hamsini, yaliyobaki mia mbili na hamsini, fedha iliyofungwa shilingi elfu tano.

"Umeyatoa wapi haya mia tano?"

"Kitabuni, Bwana Mhasibu."

"Kitabuni. Haya, kalete jalada la nakala za pili."

Nikaleta. Kwenye nakala ya pili ya oda ile ile, mia tano ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu na juu yake pameandikwa mia nne. Shilingi ishirini nayo imekatwa, pameandikwa kumi na nane. Pembeni sahihi ya Mkurugenzi.

Hapo ndipo nilipofundishwa desturi ya ofisi yetu, ambayo sidhani kama ilikuwepo ofisi nyingine yoyote. Afisa ugavi alikuwa na haraka ya kudumu, kwa hiyo aliandika oda kama vijiji vilivyoomba na kwa bei aliyoitaja mwenye duka, hata kabla ya idhini. Mkurugenzi ndiye aliyepunguza wakati wa kusaini. Lakini kaboni ingemchafua mikono ya shati, basi aliichomoa kwanza, akasahihisha nakala mbili za juu, ya mwenye duka na ya kwetu, halafu akatia sahihi zote nne. Nakala ya nne ilibaki kitabuni na sahihi halali chini ya tarakimu za uongo.

"Kitabu kinakuambia watu walichotaka," mhasibu alisema. "Sisi tunafunga fedha kwa walichokubaliwa. Rudia yote. Mali bila daftari..."

"Hupotea bila habari," nikamalizia, nikiwa nimevimba.

Nilirudia. Mablanketi: mia nne yaliyoidhinishwa, kutoa mia mbili na hamsini yaliyofika, yamebaki mia na hamsini kwa shilingi kumi na nane. Elfu mbili na mia saba. Jumla ya fedha iliyofungwa ikashuka hadi elfu kumi na nane, mia nne na hamsini. Kwenye mfuko wa vijiji palibaki shilingi mia mbili na hamsini za kuchezea. Hazikutosha hata kuezeka banda la kuku.

Nakumbuka nilivyotazama ile tarakimu nikamkumbuka shangazi.

Shangazi yangu, dada wa baba, aliolewa Chilangala, na huko alikuwa ndiye ulimi wa wanawake wote. Kijiji chao kilikuwa kimejenga zahanati ndogo kwa nguvu zao, vyumba viwili, kimoja cha wazazi, na pembeni tangi la saruji la kukingia maji ya mvua yatakayotoka kwenye paa. Palikosekana paa. Kuta zilikuwa zimekula masika yale zikiwa wazi, na mvua nyingine zingezilaza chini. Waliomba mabati tisini na misumari. Ombi lao lilikuwa kwenye rundo la Mkurugenzi, na kwa sababu mimi nilikuwa ofisini, shangazi aliona jambo limekwisha.

"Shikamoo shangazi," nilimwamkia siku aliyokuja Newala mnadani.

"Marahaba mwanangu. Mabati yangu je?"

"Shangazi, ofisi si ya baba yangu."

"Ningejua hivyo nisingemsumbua baba yako akusomeshe," akasema, akanipa mkungu mdogo wa ndizi ili nisahau kuwa ametukana. "Mwanamke akija kujifungua pale anakuja na ndoo yake kichwani, uchungu umemshika kiunoni. Wewe huko kwenye kiti, andika hilo."

Na alikuwapo mwanamke mwingine aliyekuwa akiniuliza. Huyu alikuwa mmoja wa waliopanda kutoka mtoni, mtu mzima, na viwanja vyao walipewa ukingoni mwa Chilangala hiyo hiyo. Alileta mihogo mibichi kuuza chini ya baraza ya ofisi, mgongoni amembeba mjukuu ambaye kifua chake kilikoroma. Mama wa mtoto yule alibaki kaburini kule bondeni tangu siku ya mabomu. Mablanketi mia mbili na hamsini ya kwanza waligawiwa waliotangulia kuandikishwa. Yeye aliambiwa yuko kwenye fungu la pili.

"Mwanangu, yamefika?" aliniuliza kila alipokuja.

"Bado, mama. Yako njiani."

Sikuwa namdanganya. Mwenye duka alikuwa Lindi, mablanketi yalitoka kiwandani Dar es Salaam, na masika yale barabara ilikuwa tope. Mali ingefika.

Sasa nieleze nilichokifanya, ambacho mkaguzi yeyote asingekiandika kuwa kosa. Mhasibu aliniagiza safu saba: namba ya oda, kitu, idadi iliyoidhinishwa, bei iliyoidhinishwa, kilichofika, kilichobaki, fedha iliyofungwa. Mimi niliongeza ya nane. Kila oda ilitaja tarehe ya mwisho ya kuleta mali, basi nikaandika oda imechelewa kwa muda gani. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka kufuta aibu ya ile orodha ya kwanza, nilitaka mhasibu aseme neno jema kwa mara moja. Na nilikuwa nimemsikia akisema, siku nyingi nyuma, kwamba mwenye duka akipitisha tarehe ofisi ina haki ya kufuta sehemu ambayo hakuleta, na fedha yake ikafunguka. Nililisikia neno lile nikaliweka. Nilipokuwa naandika ile safu ya nane nilikuwa namfikiria shangazi. Nikisema sikumfikiria nitakuwa mwongo.

Mhasibu aliipitia orodha mpaka mwisho. "Hii safu ya mwisho ni yako?"

"Ndiyo, Bwana Mhasibu."

"Kazi nzuri," akasema. Na methali hakutaja.

Tulipompelekea Mkurugenzi, Aprili ikielekea mwisho, kidole chake kilishuka kwenye safu ya nane moja kwa moja. Saruji haikuwa imepitisha tarehe. Mbao zilichelewa kidogo. Majembe vivyo hivyo. Mablanketi yalitakiwa Januari.

"Haya kwa nini bado yako hapa?" akauliza. "Elfu mbili na mia saba zimekaa bure kwa mtu asiyetimiza ahadi. Na Juni zitarudi Hazina, tukose vyote." Akalichomoa ombi la Chilangala. "Mabati tisini kwa shilingi ishirini na nane, elfu mbili mia tano na ishirini. Misumari, shilingi mia na hamsini. Zinatosha na chenji inabaki. Mwenye mabati yuko Masasi hapo, ataleta juma lijalo. Watapata maji. Wewe ni mwenyeji wa huku, unaonaje?"

Aliniuliza mimi. Namwona mpaka leo, kalamu nyekundu mkononi, uso wake mwema kabisa. Alitaka kujua kweli.

Mimi mtoto wa kusini nilijua mambo mawili ambayo yeye, mtu wa mvua za mwaka mzima, hakuyajua. Nilijua kwamba masika yalikuwa yanakwisha, na kwamba bati likipigwa mwezi wa Mei halitatoa tone la maji mpaka mwisho wa mwaka. Na nilijua kwamba baridi ilikuwa inakuja mapema kuliko hilo tone. Paa lingeweza kungoja mwaka mpya wa fedha na bado likawahi mvua. Blanketi lisingeweza kungoja. Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu, wala hayakuhitaji kutafutwa kwenye majalada. Na watu wa mtoni hawakuwa na mtu ofisini. Asiyekuwepo na lake halipo.

"Ni sawa, mzee," nikasema. "Wana shida sana ya maji."

Na hiyo ilikuwa kweli tupu, ndiyo maana ilinitoka kirahisi.

Barua ya kufuta iliandikwa siku ile ile. Kwenye orodha nikapiga mstari kwenye yale mablanketi mia na hamsini, nikaandika imefutwa, nikaingiza oda mpya ya mabati, safari hii nikihakikisha nimeichukua kwenye nakala ya pili. Salio likawa shilingi mia mbili na themanini. Hesabu ilikaa vizuri, haikudai hata senti. Jioni nilikwenda zangu nyumbani nikiwa na furaha, na ndiyo furaha ninayoionea haya kuliko yote.

Mabati yalikuja kama Mkurugenzi alivyosema. Shangazi aliniletea jogoo.

Yule mama wa mihogo aliendelea kuuliza. Nikaendelea kumwambia bado. Ningeweza kumwambia yamefutwa, lakini ulimi ulikataa, na nikajifariji kwamba bado ni neno la kweli, maana kitu kisichofika hakijafika. Ndivyo nilivyokuwa mjuzi wa maneno siku hizo.

Halafu lori likaja.

Ilikuwa katikati ya Mei, asubuhi ya ukungu. Lilipanda kutoka Masasi likiguna, likasimama mbele ya bohari yetu. Dereva akateremka na hati ya oda mkononi, ile nakala ya kwanza, wino mwekundu na sahihi ya Mkurugenzi. Nyuma kulikuwa na marobota ya mablanketi ya kijivu. Barabara ilikuwa imefunguka. Barua yetu ya kufuta ilipofika Lindi, mzigo ulikuwa umeshashuka melini, na mwenye duka akaona heri aulete, labda tutauchukua.

Mtunza bohari alifanya alivyofundishwa. Hakushusha kitu, akaja kwetu kuuliza. Mkurugenzi alikuwa Mtwara mkutanoni. Mhasibu akatoka nje, nami nyuma yake na orodha, maana sasa orodha ile ilikuwa yangu, nilitembea nayo kama hirizi.

"Oda hii ipo?" mhasibu akaniuliza mbele ya watu wote.

"Ilifutwa, Bwana Mhasibu."

"Kwenye kifungu kuna nafasi?"

"Mia mbili na themanini."

"Inanunua mangapi?"

"Kumi na tano," nikasema. "Na shilingi kumi zinabaki."

Yeye naye hakuwa jiwe, nilimwona akiyatazama yale marobota. Akamwuliza dereva kama anaweza kuyaacha hapo, yalipwe mwaka mpya wa fedha ukianza. Dereva akasema tajiri wake amemwagiza arudi na ankara iliyosainiwa au arudi na mzigo. Mhasibu hakuweza kusaini. Kupokea mali isiyo na oda, kwenye kifungu kisicho na fedha, ni kuiingiza serikali kwenye deni ambalo hakuna aliyeliidhinisha, na mtu hufukuzwa kazi kwa hilo, na pengine ni haki afukuzwe.

"Hata yale kumi na tano?" niliuliza.

"Kwa oda gani?" akanijibu kwa upole. "Mwenye kusaini yuko Mtwara. Rudi nayo, dereva."

Watu walikuwa wamekusanyika barazani, kama watu wanavyokusanyika popote lori linaposimama. Robota moja lilikuwa limechanika kona, unaona kabisa pindo jekundu la blanketi. Yule mama alikuwa pale na beseni lake la mihogo. Alinisogelea lori likiwa linageuza.

"Mwanangu, yale si ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Yanakwenda wapi?"

"Yanarudi Lindi."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Alilifuata lori kwa macho mpaka likazama kwenye ukungu, halafu akasema polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Kumbe yalikuwepo."

Alikuwa amekwisha kuamini kwamba hayakuwepo, kwamba ni yale maneno ya serikali kwa watu wa kuhamishwa. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba yapo na kwamba si yake. Akajitwika beseni, akaondoka. Tangu siku ile akija kuuza mihogo hakuniuliza tena.

Mkurugenzi aliporudi nilimwambia yote, pamoja na habari ya mvua na baridi. Alinisikiliza, shati lake jeupe likimetameta, akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Alipiga simu Lindi siku mbili mfululizo. Mablanketi yalikuwa yameuzwa dukani kwa bei ya ishirini, na mwenye duka alishukuru kwa faida. Mkurugenzi alitafuta vifungu vingine, akapata mablanketi machache ya hospitali yaliyochakaa, yakagawiwa kwa kupigiwa kura. Yule mama kura haikumwangukia.

Zahanati ya Chilangala ilifunguliwa mwezi wa Juni. Ilikuwa asubuhi yenye upepo, mabati yanang'aa hata yanaumiza macho, na tangi limepakwa chokaa, ndani kavu, watoto wanaingiza vichwa wapige kelele wasikie mwangwi. Palikuwa na ngoma, na hotuba kuhusu kujitegemea. Shangazi aliitwa kusema neno kwa niaba ya wanawake. Hakuzungumzia serikali. Alininyooshea kidole nilipokaa.

"Yule pale ni mtoto wa kaka yangu," akasema. "Yeye ndiye aliyetuezekea."

Watu wakapiga vigelegele. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni adabu. Nilipokiinua nikamwona yule mama kwenye safu ya wanawake wa mtoni, amekuja kama wengine, kwa kuwa zahanati ilikuwa yake pia. Mjukuu alikuwa mgongoni. Alikuwa amemfunika kwa gunia la korosho lililopasuliwa, kamba zake zimefungwa kifuani. Alikuwa anapiga makofi.

Walipotawanyika alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono ilikuwa ya baridi. Mtoto alikohoa, bibi yake akalivuta gunia juu kidogo limfikie shingoni.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Umewafaa watu wako."

"Amina," nikaitikia.